Kuomba fildi kwa barua pepe kwenye shirika ambalo halijatangaza nafasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya yanarudi kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wa vyuo vya huku Kusini na wahitimu waliorudi nyumbani wakisubiri ajira. Anayejibu ni mtu ambaye amekuwa akizipokea barua pepe za aina hii kwenye ofisi ya shirika dogo, akazisoma, na mara nyingi akatakiwa kuamua nani aitwe. Mfano mkuu ni mmoja tu: mwanafunzi wa stashahada ya uhasibu anayesoma Mtwara mjini, anayetaka kufanya fildi Masasi kwenye shirika linalofanya kazi na vyama vya msingi vya wakulima wa korosho, yaani AMCOS.

## Kabla ya kuandika

Shirika halijatangaza nafasi yoyote. Nikiandika si nitaonekana msumbufu?

Hapana. Mashirika mengi ya Mtwara na Lindi hayatangazi nafasi za fildi kabisa. Ajira hutangazwa kwa sababu wafadhili au taratibu za ndani zinataka ushindani, lakini mwanafunzi wa wiki 8 hupokelewa kwa barua tu. Kwa hiyo kukosekana kwa tangazo hakumaanishi kwamba wamefunga mlango.

Kinachosumbua ni barua pepe inayomwachia mpokeaji kazi ya kufikiri. Ukiandika "naomba nafasi yoyote, niko tayari kufanya chochote", mratibu anatakiwa yeye abuni kazi yako, atafute wa kukusimamia, akisie unaanza lini na unahitaji nini. Ana ripoti ya robo mwaka mezani. Ataiacha barua yako "aijibu baadaye", na baadaye hiyo haifiki.

Nani anaamua, na anaamua kwa kuangalia nini?

Kwenye shirika dogo lenye watu watano hadi kumi, mwamuzi ni mkurugenzi au mratibu wa mradi, na hoja zake ni za kawaida sana. Nani atamsimamia? Atakaa wapi? Tarehe zake zinaangukia wakati tuna kazi au wakati ofisi nzima iko vijijini? Atadai nauli na posho? Barua yako ikijibu hayo manne, kumkubalia kunakuwa jambo la dakika tano. Sehemu kubwa ya ukurasa huu ni namna ya kuyajibu kabla hajauliza.

Nitayapata wapi mashirika ambayo hayana hata tovuti?

Anza na ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri yako. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa kwa Sheria ya NGO ya mwaka 2002, na maafisa maendeleo ya jamii ndio wanaoyaratibu wilayani. Afisa anajua yapi yapo kwenye karatasi tu na yapi yana mradi unaoendelea sasa hivi. Mweleze unasoma nini na uombe majina ya mashirika yenye kazi inayofanana na masomo yako, kisha uliza mratibu wa kila moja ni nani kwa cheo. Tofauti hiyo ya "lipo" na "linafanya kazi" huwezi kuiona ukiwa mtandaoni.

Kwa anwani, angalia vibao vya barabarani, matangazo ya zamani ya kazi na ya zabuni, na barua zilizobandikwa kwenye mbao za matangazo za kata. Anwani ya kwenye tangazo la miaka mitatu iliyopita inaweza kuwa imekufa, kwa hiyo piga simu kwanza uulize: "Naomba kuthibitisha anwani ya barua pepe mnayoitumia sasa." Simu ya dakika moja inakuokoa wiki mbili za kusubiri hewa.

Niandike lini?

Wiki sita hadi nane kabla ya tarehe ya kuanza. Chini ya hapo unamkuta mratibu ameshapanga kazi zake. Zaidi ya miezi minne, atakusahau.

Ila huku Kusini kalenda ya msimu ina nguvu kuliko kalenda ya chuo. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Minnada ya korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka, na mashirika yanayogusa wakulima hubadilika kabisa miezi hiyo: maafisa wanazunguka vijijini, ofisini anabaki mhasibu na mhudumu. Kama fani yako ni uhasibu, takwimu, ushirika au kilimo, huo ndio wakati mzuri wa kuwa nao, lakini ndio wakati mbaya wa kuomba. Omba mwishoni mwa Julai au Agosti, wakiwa wanapanga.

Serikalini mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Juni watu wanafunga hesabu. Kwa halmashauri, epuka kupeleka ombi jipya wiki za mwisho za Juni.

## Kuandika barua pepe yenyewe

Kichwa cha barua pepe kiweje?

Mpokeaji wako huenda anasoma kwa simu, na simu inamwonyesha maneno machache tu ya mwanzo. Weka fani na tarehe mbele:

`Ombi la fildi, uhasibu, 5 Okt hadi 27 Nov`

Kichwa kama `Maombi` au `Barua` hakimwambii kitu, na akikitafuta tena mwezi ujao hatakipata. Usiache kichwa wazi.

Nimwandikie nani, na nimsalimuje? Niandike "Shikamoo"?

Andika kwa cheo: "Ndugu Mratibu wa Mradi," au "Ndugu Mkurugenzi,". Kama una hakika ya jina lake, ongeza jina. Usiandike "Mheshimiwa" kwa mkurugenzi wa shirika; hilo tunalitunza kwa wabunge, madiwani na wenye nafasi za namna hiyo.

Shikamoo haiingii kwenye barua ya maombi, hata kama unajua mpokeaji ni mtu mzima wa umri wa mama yako. "Habari za kazi" inatosha, kisha ingia kwenye jambo. Ukipiga simu baadaye mambo ni tofauti: ukisikia sauti ya mtu mzima, shikamoo ndiyo inayotangulia, na asiyeitoa huku kwetu anakumbukwa kwa hilo.

Kiswahili au Kiingereza?

Halmashauri na taasisi za umma: Kiswahili. Shirika la kimataifa ambalo tovuti na matangazo yake yote ni ya Kiingereza: Kiingereza, kwa sababu barua yako inaweza kupelekwa kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi asiyesoma Kiswahili vizuri. Shirika la hapa hapa, tumia lugha unayoiandika bila makosa. Barua safi ya Kiswahili inashinda Kiingereza cha kunakili, na msomaji anakitambua cha kunakili kwenye sentensi ya pili.

Ndani niseme nini hasa?

Tumchukue mwanafunzi wetu wa uhasibu. Barua ya kwanza ambayo wengi wangeandika ni hii:

> Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Naomba nafasi ya kufanya fildi katika shirika lenu lenye sifa nzuri ili niongeze ujuzi. Niko tayari kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa. Natanguliza shukrani.

Hakuna kosa la adabu hapa. Tatizo ni kwamba barua hii inaweza kutumwa hospitali, bandarini, shuleni au kiwanda cha saruji bila kubadilisha neno. Mratibu hawezi kukataa wala kukubali, maana hakuna kilichoombwa.

Sasa mwanafunzi huyo huyo anafanya kazi ya siku moja kabla ya kuandika. Anauliza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, anaambiwa shirika linafundisha makarani wa AMCOS kutunza kumbukumbu. Anamwuliza baba yake mdogo, mkulima, shida iko wapi. Baba mdogo anamweleza kitu ambacho kila mkulima anakijua: korosho hupimwa AMCOS, mkulima anapewa stakabadhi, magunia yanapelekwa ghala kuu, na huko kilo zinaweza kusoma tofauti. Wakati mwingine ni unyaufu, korosho imepoteza unyevu. Wakati mwingine karani alikosea kuandika, au magunia yalirudishwa kwa sababu ya ubora. Karani mwenye vitabu vitatu na foleni ya watu nje hana muda wa kulinganisha. Hapo mwanafunzi wa uhasibu amepata kazi yake. Anaandika:

> Ndugu Mratibu wa Mradi,
>
> Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uhasibu, Mtwara. Naomba kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yenu ya Masasi kuanzia tarehe 5 Oktoba hadi 27 Novemba, wiki 8.
>
> Nimeelezwa na ofisi ya Maendeleo ya Jamii kwamba mnafundisha makarani wa AMCOS utunzaji wa kumbukumbu. Kipindi ninachoomba ni cha minnada. Ningeweza kuingiza stakabadhi za AMCOS moja au mbili kwenye Excel kila wiki, kulinganisha kilo za AMCOS na kilo zilizopokelewa ghala kuu, na kumkabidhi afisa wenu orodha ya tofauti ili azifuatilie. Chuoni tumejifunza usuluhishi wa hesabu za benki, na kulinganisha huku kunafuata utaratibu ule ule. Nina kompyuta mpakato yangu.
>
> Nitakaa kwa ndugu hapo Masasi, hivyo sihitaji malazi. Chuo kinatoa barua ya utambulisho na kinatuma msimamizi kunikagua. Kwa upande wenu ningehitaji afisa mmoja wa kunielekeza na kusaini daftari langu la kazi kila wiki.
>
> Kama tarehe hizo hazifai, naomba kujulishwa kipindi kinachofaa zaidi. Wasifu wangu wa ukurasa mmoja nimeuambatisha.
>
> Wako mtiifu,
> (Jina kamili, namba ya simu, jina la chuo)

Angalia kilichobadilika. Tarehe ziko kwenye aya ya kwanza. Kazi ni ndogo na ina mwisho unaoonekana: orodha ya tofauti, kila wiki. Ametaja ujuzi alio nao kweli na kusema unafaa wapi, bila kujisifu. Amesema anachohitaji kwao, na ni kidogo. Na pale mwisho hakuacha jibu liwe la ndiyo au hapana tu. Mratibu anaweza kujibu "njoo Januari".

Neno "moja au mbili" nalo lina kazi. Angesema "AMCOS zote za Masasi", mratibu angejua huyu hajui ukubwa wa anachokiomba.

Na kama sijui shirika lina shida gani? Sitaki kubuni.

Usibuni. Kubuni shida za watu ni njia ya haraka ya kuwaudhi. Kama umeuliza na hukupata kitu, taja kazi ambayo kila ofisi ya aina hiyo inayo: kupanga mafaili ya malipo, kuingiza majina ya mahudhurio ya mafunzo kwenye kompyuta, kuandaa jedwali la risiti za safari. Sema: "Ningeweza kuanza na kazi kama hizi, au nyingine mtakayoona inafaa." Ni barua dhaifu kuliko ya mfano hapo juu, lakini ni ya kweli na bado ina kitu cha kushika.

Iwe ndefu kiasi gani?

Isomeke kwenye simu bila kushusha sana skrini, kama maneno 150 hadi 200. Historia ya maisha yako ibaki kwenye wasifu.

Maombi niyaandike ndani ya barua pepe au niambatishe barua?

Kwa shirika, andika ndani ya barua pepe. Kiambatisho kinachobeba ombi lenyewe, huku ndani pameandikwa "tafadhali tazama kiambatisho", mara nyingi hakifunguliwi na mtu aliye njiani kwenda Nanyumbu na mtandao wa kusuasua. Kwa taasisi ya serikali utaratibu ni mwingine. Tazama swali la halmashauri kwenye sehemu ya hali za pekee.

## Viambatisho na kutuma

Niambatishe nini?

Mara ya kwanza, wasifu wa ukurasa mmoja, na barua ya chuo kama tayari unayo. Basi.

Usitume cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA wala vyeti vya kidato cha nne kwa mtu ambaye hajakujibu. Hujui anwani hiyo inasomwa na nani, na hizo ndizo nyaraka ambazo mtu mwenye nia mbaya anazitafuta. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taasisi inayokusanya nyaraka hizo ina wajibu wa kukueleza inazichukua kwa kazi gani. Zipeleke ukishakubaliwa, nazo ziombwe kwa sababu inayoeleweka.

Natumia simu tu. Nitatengenezaje faili linalofaa?

Andika wasifu kwenye programu ya kuandikia ya simu, kisha uhifadhi kama PDF ili usivurugike ukifunguliwa kwenye kompyuta ya mwingine. Lipe faili jina linalojieleza, mfano `Wasifu_JinaLako_Uhasibu.pdf`. Faili linaloitwa `Document(3).pdf` likishapakuliwa linapotea kati ya mengine.

Shida kubwa ya simu ni picha. Barua ya chuo ukiipiga picha ya kawaida inaweza kuwa na MB 4 au 5, na kivuli cha mkono juu yake. Tumia programu ya kuskani, chagua nyeusi na nyeupe, na faili litashuka chini ya MB 1. Gmail inaruhusu viambatisho hadi MB 25, lakini hicho ni kikomo cha mtambo. Mtu wa Liwale anayelipia bando lake mwenyewe ana kikomo kingine, na MB 2 kwa jumla ni kiasi cha kumheshimu.

Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe kwanza. Ifungue, fungua na kiambatisho. Hapo ndipo unapogundua umeambatisha toleo la zamani.

Naweza kutuma kwa mashirika ishirini kwa mara moja?

Usifanye hivyo. Ukiweka anwani zote kwenye `To`, kila mmoja anaona orodha nzima na anadhani mwingine atajibu. Ukizificha kwenye `Bcc`, barua inafika bila jina lake popote na inaweza kuishia kwenye `Spam`. Na zaidi ya hapo, barua inayofaa mashirika ishirini haiwezi kuwa na ile aya ya pili ya mfano wetu, ambayo ndiyo inayofanya kazi yote.

Chagua manne au matano, mwandikie kila mmoja barua yake. Aya ya kwanza na ya tatu zinaweza kufanana.

Nitajuaje kama imefika?

Iangalie kwenye `Sent`. Ikiwa bado iko `Outbox`, bando liliisha katikati. Halafu rudi kwenye kikasha chako baada ya saa moja, na tena kesho yake. Ukikuta ujumbe kutoka `Mail Delivery Subsystem`, usiufute, usome. `Address not found` maana yake anwani ina kosa au imefungwa: hakiki herufi, hasa nukta na vistari. Ukiambiwa kikasha cha mpokeaji kimejaa, kutuma tena hakutasaidia mpaka wapunguze. Piga simu uwaombe anwani nyingine. Kwa mashirika madogo hili la kikasha kujaa ni la kawaida, maana anwani ilifunguliwa na mtu aliyeshaondoka.

Kutopata ujumbe wa kurudishwa hakuthibitishi kwamba imesomwa. Kinachothibitisha ni simu.

## Baada ya kutuma

Nisubiri muda gani, na nifuatilieje?

Siku saba za kazi. Kisha piga simu asubuhi, saa tatu hadi saa tano, na si Ijumaa mchana. Sema jina lako, sema ulituma barua pepe tarehe fulani kuhusu fildi ya uhasibu, na uulize kama imefika. Uliza hilo tu. Usimbane mtu kwenye simu aseme ndiyo au hapana, maana aliyebanwa husema hapana.

Mara nyingi utasikia: "Sijaiona, tuma tena." Usikate tamaa wala usilalamike. Fungua ile ya mwanzo kwenye `Sent`, ibonyeze `Forward` kwa anwani anayokupa, na juu yake andika mstari mmoja: "Kama tulivyozungumza leo kwa simu, naituma tena." Sasa una mtu anayeitarajia, na hiyo ni hatua kubwa.

Baada ya hapo fuatilia mara moja tena ikipita wiki moja na nusu. Kimya kikiendelea, elekeza nguvu kwenye shirika lingine.

Naweza kwenda ofisini badala ya kupiga simu?

Kama uko mji huo huo, ndiyo, na huku kwetu kufika mwenyewe bado kuna uzito. Nenda na nakala iliyochapishwa ya barua pepe yako. Ila usipande gari la Masasi kutoka Mtwara mjini, kama kilomita 200, kwenda kuulizia barua ambayo hujui kama imesomwa.

Wamejibu "hatuna nafasi kwa sasa". Nijibu nini?

Jibu siku hiyo hiyo kwa sentensi tatu: asante kwa kujibu, naelewa, je kuna shirika au idara mnayofanya nayo kazi ambayo mngenishauri niandikie? Watu wa mashirika ya wilaya moja wanajuana, wanakutana kwenye vikao vya halmashauri. Jina moja utakalopewa kwa njia hii lina thamani kuliko anwani kumi za mtandaoni, kwa sababu barua yako inayofuata itaanza na "Nimeelekezwa kwenu na…", bora uwe umeomba ruhusa ya kulitaja.

Wamekubali kwa simu. Inatosha?

Haitoshi. Aliyekukubalia anaweza kuhamishwa au kwenda likizo kabla hujaanza. Andika barua pepe ya kuthibitisha: tarehe, msimamizi, kituo, saa za kazi, na kama kuna posho au hakuna. Maliza kwa kuomba wajibu kwamba ni sahihi. Jibu la "Sawa, karibu" kwa maandishi ndilo utakalolipeleka chuoni, na ndilo litakalokuokoa ukifika ukute mtu mwingine ofisini.

## Hali za pekee

Nataka fildi halmashauri au taasisi nyingine ya serikali. Barua pepe inafaa?

Inafaa kuanzia, lakini mara nyingi haiwezi kusimama peke yake. Serikalini ombi hutembea kama barua: lina anwani ya Mkurugenzi wa Halmashauri, S.L.P., tarehe, mstari wa "YAH: OMBI LA MAFUNZO KWA VITENDO", sahihi yako, na barua ya chuo nyuma yake. Iandike hivyo, iskani, uitume kama kiambatisho kwenye anwani rasmi inayoishia na `.go.tz`. Kisha peleka nakala ya karatasi masjala, ukiwa na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Hiyo ya pili unabaki nayo.

Kutoka masjala barua inakwenda kwa Mkurugenzi, anaandika maelekezo, inashuka kwa afisa utumishi na mkuu wa idara. Ukifuatilia, usiulize "nimekubaliwa?" Uliza masjala: "Naomba kujua barua yangu ya tarehe fulani ipo ofisi gani." Swali hilo wanaweza kulijibu.

Na kampuni za gesi, bandari, au taasisi kubwa zenye ofisi Mtwara?

Swali la kwanza ni uamuzi unafanyika wapi. Bodi ya Korosho makao yake makuu yako Mtwara. TPDC, ambayo mitambo yake ya kuchakata gesi iko Madimba, na Mamlaka ya Bandari zote zina makao makuu nje ya Mtwara. Kwa taasisi kama hizo, meneja wa hapa anaweza kukupenda na bado asiwe na mamlaka ya kukupokea. Piga simu ofisi ya Mtwara uulize maombi ya fildi yaelekezwe kwa nani, kisha andika huko na uwape nakala hawa wa hapa kwenye `Cc`. Anza miezi mitatu kabla, maana maeneo ya mitambo yana mafunzo ya usalama na vibali vya kuingia ambavyo haviharakishwi.

Niulize habari ya posho kwenye barua ya kwanza?

Usiulize, lakini sema hali yako kwa njia inayomsaidia kuamua, kama mwanafunzi wetu alivyosema kuhusu malazi. Kama kweli huwezi kufika bila nauli, mweleze baada ya kukubaliwa na kabla ya kuanza: "Nauli ya kwenda vijijini na timu, nitasafiri na gari la ofisi au napaswa kujitegemea?" Mashirika mengi madogo hayana fungu la posho lakini yana gari, chakula cha mchana, au yote mawili. Kama unanufaika na mkopo wa HESLB, angalia chuoni kama fungu la mafunzo kwa vitendo limo kwenye mkopo wako kabla hujaamua kituo cha mbali.

Nimejibiwa nilipe ada ya usajili au ya kitambulisho ndipo nianze.

Usilipe. Fildi haiuzwi. Dalili nyingine ni namba ya simu binafsi ya kulipia, haraka ya "leo saa kumi mwisho", na anwani inayofanana na ya shirika lakini yenye herufi moja tofauti. Piga namba iliyoko kwenye kibao cha ofisi, sio ile ya kwenye ujumbe, uulize kama wamekuandikia.

Nimeshahitimu, sina chuo cha kunipa barua. Bado naweza kuomba?

Unaweza, lakini shirika linapoteza kile kilichofanya mwanafunzi awe rahisi kumpokea: msimamizi wa chuo na tarehe ya mwisho. Virudishe mwenyewe. Omba miezi mitatu yenye tarehe, weka majina ya wadhamini wawili waliokubali kupigiwa, mmoja akiwa mwalimu wako, na sema wazi unaelewa kwamba si ajira. Mengine yote yanabaki kama kwenye barua ya mfano. Sambamba na hapo, ulizia programu ya serikali ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu kupitia TaESA. Haizuii kuomba mwenyewe.

Nafasi niliyoomba inahusu taarifa za siri, kama akaunti za wakulima. Watakubali?

Malipo ya korosho hupitia benki, kwa hiyo orodha za AMCOS zina majina na namba za akaunti. Mratibu makini atasita kumpa mgeni. Mwondolee wasiwasi: sema unaweza kufanya kazi na namba za stakabadhi na kilo tu, safu za majina na akaunti zikiwa zimeondolewa, na kwamba faili litabaki kwenye kompyuta ya ofisi. Hilo likiwa sharti lao, kompyuta mpakato uliyoitaja kwenye barua iache nyumbani.

Mashirika mawili yamenikubali kwa tarehe zile zile.

Chagua ndani ya siku mbili. Unayemkataa mpigie simu kwanza, kisha uthibitishe kwa barua pepe, na kama kuna mwenzako wa darasani ambaye bado hajapata, uliza kama wangependa awatumie wasifu wake. Usiwaache wakusubiri tarehe 5 Oktoba wakiwa wamekuandalia meza. Mwaka unaofuata wanafunzi wa chuo chako ndio watakaokuta ofisi hiyo imeacha kupokea.